Darasa la leo: Taazia kwa rafiki uliyemtupa mkono



 Leo tuongee jambo ambalo watu huliuliza pembeni baada ya tarawehe: rafiki yangu amefiwa, na mimi nilikuwa nimemtupa mkono muda mrefu. Namwandikiaje?

Wengi hapo huona haya wakanyamaza. Siku tatu za msiba zikipita, wanasema basi, wakati umekwisha. Ni kweli wanazuoni wetu wa Kishafii wamechukia taazia baada ya siku tatu, kwa sababu moyo wa mfiwa umeanza kutulia na wewe unakuja kuuchokonoa. Lakini Imamu Nawawi, katika Al-Adhkaar, amemtoa humo aliyekuwa hayupo wakati wa mazishi, na ametaja wengine wa madhehebu hayohayo walioona taazia haina mwisho. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Ila ile sababu ichukue: ukichelewa, andika kifupi.

Sasa tazama ujumbe aliotuma Mtume (s.a.w.) kwa binti yake ambaye mtoto wake alikuwa anakata roho. Kisa kimepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Usama bin Zayd. Alianza na salamu. Kisha akamkumbusha kwamba alichochukua Mwenyezi Mungu ni chake na alichotoa ni chake, na kila kitu kina muda wake. Kisha akamtaka asubiri na ataraji malipo. Basi. Katika ujumbe wote hakuna neno juu ya mtumaji mwenyewe. Binti aliposisitiza aje, alikwenda, akampokea mtoto, akalia.

Taazia ni ya mfiwa. Hapo ndipo wenye deni la urafiki wanapoteleza. Tuchukue mfano: jamaa amefiwa na mama yake, na wewe mwaka mzima hupokei simu zake. Unaandika: "Pole sana kaka, najisikia vibaya mno, kazi zilinibana, simu nayo iliibiwa, nisamehe sana, mbona hukuniambia mama anaumwa?" Hesabu mwenyewe: mama katajwa mara moja, tena kwa lawama. Mfiwa atajibu nini? Atajibu "Usijali, ndugu yangu." Ukipata jibu hilo, jua umemtwisha kazi. Aliyefiwa ndiye anayekupoza wewe.

Hebu tuuandike upya:

"Assalaamu alaykum ndugu yangu. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Nimesikia jana kuwa mama ametutoka. Mwenyezi Mungu amsamehe, amkunjulie kaburi lake, akupe subira wewe na dada zako. Namkumbuka alivyokuwa akiniwekea kipande cha mkate wa kumimina tukitoka madrasa, hata siku ambayo sikupita. Mwaka huu ulinipigia mara nyingi sikupokea, na alipolazwa sikuja. Nilikosa. Hilo tutalizungumza siku ukiwa tayari, leo usihangaike kunijibu. Alhamisi kabla ya magharibi nitaleta futari ya watu sita, msipike."

Umeona mpangilio? Marehemu na dua vimetangulia. Kumbukumbu ni moja, ya kweli, ambayo hakuna mwingine angeweza kuiandika. Ile picha ya maua uliyotumiwa na watu kumi haifanyi kazi hiyo. Kosa limetajwa kwa jina lake, bila "kama nilikukwaza", maana "kama" ni kulikana kosa nusu. Sababu za kazi na simu zimeachwa. Hata kama ni za kweli, leo si siku yake. Na msamaha hukuudai. Kumwomba mtu akusamehe wakati bado ana udongo wa kaburi mikononi ni kumbana, atasema ndiyo ili uondoke.

Futari nayo ina asili. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Hakuwauliza wanahitaji nini. Yale maneno yetu ya "ukihitaji chochote niambie" humwachia mfiwa kazi ya kufikiri, na kwa rafiki uliyekuwa mbali naye ndiyo kabisa hatakuambia. Wewe taja siku, taja kitu.

Zikitokea tiki mbili za bluu na kimya, usitume alama ya kuuliza, wala usimtume mtu akamuulize amekasirika au la. Anaweza kuwa amekasirika, na ana haki yake. Alhamisi peleka futari kama ulivyosema. Akitoka mtoto mlangoni, mpe sufuria, mwambie imetoka kwa nani, umsalimie na baba yake. Akitoka mwenyewe, mpe mkono wa pole, mwombee mama dua, na usiguse habari ya simu mpaka aiguse yeye.

Wabillaahi tawfiiq. Kesho in shaa Allah tuonane baada ya alfajiri.