Kabla ya Kupewa Mkono, Isome Silsila

Anayetaka kuingia twarika huambiwa aandae udhu na nia. Mimi namsihi atangulize jambo jingine: amwombe sheikh silsila yake, aketi nayo, aisome jina kwa jina. Sheikh wa kweli haoni tusi katika ombi hilo, maana mkono atakaompa muridi yeye mwenyewe aliupokea kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, hadi kwa Mtume.

Usomaji wenyewe huanzia chini kwenda juu. Chukua Shadhiliyya Yashrutiyya, iliyoingia pwani yetu kupitia Ngazija. Sheikh Muhammad Maaruf wa Moroni, aliyefariki mwaka 1905, aliipokea kwa Abdallah Darwish, Mngazija aliyekuwa amekwenda Akka, Palestina, kwa Sheikh Ali Nuruddin al-Yashruti. Al-Yashruti, mzaliwa wa Bizerte nchini Tunisia, alifariki mwaka 1899. Sheikh wake alikuwa Muhammad Hasan Zafir al-Madani wa Misrata, Libya, aliyefariki mwaka 1847, naye alikuwa muridi wa al-Arabi al-Darqawi wa Moroko, aliyefariki mwaka 1823. Kwa kila majina mawili yanayofuatana uliza: waliishi zama moja, mdogo wao akiwa amefikia umri wa kupokea? Na walikutana wapi? Hapa majibu yapo: Misrata kwa al-Madani na al-Yashruti, Akka kwa al-Yashruti na Darwish.

Ukikuta mmoja alikufa kabla mwenzake hajazaliwa, ama jina limeruka, ama mpokeaji anadai alipokea kwa njia ya ndoto. Wenye twarika huuita upokezi huo wa Uwaysi, kwa jina la Uways al-Qarani ambaye hakuonana na Mtume, na baadhi yao huukubali. Lakini aliye mkweli huutaja waziwazi. Hauchanganyi na kupeana mkono.

Juu kabisa utakuta ugumu ambao si kosa la sheikh wako. Silsila nyingi hupita kwa Hassan al-Basri hadi kwa Sayyidna Ali. Hassan alizaliwa Madina mwaka 642, na Ali aliondoka Madina kwenda Iraki mwaka 656, Hassan akiwa na miaka kama 14. Wanahadithi wengi walikataa kwamba alipokea lolote kwake. As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala kuutetea upokezi huo. Usiikatae twarika kwa hilo. Penye hatari zaidi ni majina matatu ya chini, yale ambayo wazee wa mtaa bado wanaweza kuyashuhudia.

Baada ya majina, iangalie ijaza inasema nini, kwani hapa ndipo watu wengi huumia. Kuna ijaza ya tabaruku, ambayo mtu hupewa apate baraka na asome uradi fulani. Kuna ijaza ya kulea, inayomruhusu kuchukua baia na kuongoza muridi. Mtu aweza kuwa na ya kwanza kutoka kwa masheikh wengi wakubwa, na bado asiwe na haki ya kumpa mkono hata muridi mmoja. Vivyo hivyo mtoto wa sheikh: anaweza kurithi nyumba ya zawia na funguo zake, lakini idhini ya kulea hairithiwi kwa damu. Muulize, kwa adabu, nani alimruhusu na nani alishuhudia.

Wajibu nao ueleweke mapema. As-Suhrawardi wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 1234, katika Awarif al-Maarif aliweka mlango wa adabu za muridi kwa sheikh, na mara baada yake mlango wa adabu za sheikh kwa muridi. Huo wa pili husahaulika. Sheikh asitamani mali ya muridi wala huduma yake, atunze siri anazoambiwa, na ampe uradi kwa kadiri ya uwezo wake. Muridi naye adumu na uradi aliopewa bila kuuongeza mwenyewe, asimfiche mleaji hali ya moyo wake, asihamehame.

Na utii? Wazee wamemfananisha muridi na maiti mikononi mwa mwoshaji. Maneno hayo yanahusu malezi ya nafsi: uradi gani, lini, kiasi gani. Hayamhalalishii sheikh kitu kilichoharamishwa na sharia. Akidai faragha na mwanamke asiye maharimu wake, akikataza swala, au akitaka mali kwa vitisho vya laana, baia haimfungi mtu kwake.

Sheikh akifariki, muridi huendelea na uradi wake kama alivyopewa. Anayehitaji kuendelea kulelewa humwendea khalifa mwenye idhini ya kulea na kushika mkono upya. Na kama waliodai ukhalifa ni wawili, ijaza zao zisomwe kwanza mbele ya wazee wa zawia.