Somo la Kadi za Njia Panda

Idodi ni bonde lenye joto katika nchi ya Iringa, kando ya njia iendayo Hifadhi ya Ruaha. Mito ishukayo kutoka milimani hupelekwa mashambani kwa mifereji, na mifereji hiyo hunywesha majaruba ya mpunga. Maji hayawatoshi wote kwa saa moja. Kwa hiyo hugawanywa kwa zamu, huyu leo, yule kesho, na mwingine usiku. Mtu akifungua maji wakati usio wake, hakuna amwonaye ila wale aliofuatana nao. Ndiyo sababu kadi ya kwanza ya somo hili imetoka mferejini.

Kadi ni kipande cha karatasi ngumu, kipatacho kiganja cha mkono, nacho kimeandikwa habari fupi isiyozidi sentensi sita. Habari hiyo humfikisha kijana kwenye njia panda, kisha humwacha papo hapo. Kadi ya mferejini husema hivi:

"Usiku ni zamu ya mama mmoja mjane. Wenzako wanne wamefungua maji yakaingia katika shamba la baba wa mmoja wao, nawe ulikuwa umeshika tochi. Asubuhi msimamizi wa mfereji anawauliza habari zake. Wenzako wanajibu ya kwamba ng'ombe wamebomoa tuta. Sasa wote wanakutazama wewe. Utafanya nini?"

Na itazamwe jinsi kadi hii ilivyofanywa. Haiulizi kama kuiba ni vibaya, maana swali la namna hiyo hujibiwa na kila mtoto pasipo kufikiri. Ina mambo mawili yaliyo mema yote mawili, nayo yanavutana: uaminifu kwa rafiki, na haki ya yule mama, ambaye mpunga wake ukikosa maji wakati wa kutoa maua, masuke yake yatatoka matupu. Tena kijana wa kadi hana mikono safi, kwa kuwa alishika tochi. Akisema kweli, anajisema mwenyewe pia. Mwalimu akiandika kadi ambayo mmoja ni mwovu kabisa na mwingine ni mwema kabisa, atajua kosa lake upesi: vijana watajibu wote pamoja kwa sauti moja, nao watakuwa wanatazama dirishani.

Somo lenyewe hufaa vijana wa miaka 13 hadi 17, wapatao 20, nalo huchukua saa moja na nusu. Kadi nne zatosha kutayarishwa, na mara nyingi ni mbili tu zitakazosomwa. Vyombo vyake ni vichache: punje za mahindi, punje za maharagwe, na vyungu viwili vyenye midomo myembamba, vimefunikwa kitambaa.

Kila kijana hupewa punje moja ya hindi na moja ya haragwe. Kadi husomwa mara mbili polepole. Kisha, kabla mtu yeyote hajasema neno, kila mmoja huenda kwenye vyungu, mkono umefumbwa. Akiona ya kuwa angesema kweli palepale, hutia hindi katika chungu cha kwanza. Akiona ya kuwa angenyamaza au angewaunga mkono wenzake, hutia haragwe. Punje iliyobaki huitia katika chungu cha pili, ili asirudi nayo mkononi ikamtoa siri. Chungu cha kwanza hakifunguliwi bado.

Halafu mwalimu huuliza tena swali lile lile, lakini sasa kwa kunyosha mikono. Hapa ndipo palipo na moyo wa somo zima. Chukua mfano wa darasa la vijana 20 ambamo mikono 18 imenyoshwa kusema, "Ningesema kweli." Chungu kinafunguliwa, punje zinahesabiwa juu ya meza, nayo mahindi ni 7, maharagwe ni 13. Basi vijana wasiopungua 11 wametoa jibu moja gizani na jibu jingine mchana, nao wamefanya hivyo katika somo la kweli, mbele ya mwalimu wao, pasipo kutishwa na mtu. Hakuna hadithi iwezayo kuwafundisha hivyo, kwa maana si habari za watu wa mbali. Ni habari zao wenyewe za dakika ile.

Mwalimu asicheke, wala asikemee, wala asitafute ni nani waliogeuka. Akifanya hivyo mara moja tu, siku nyingine chungu kitajaa mahindi matupu, na somo litakuwa limekufa. Na aulize tu: "Mkono wako uliponyanyuka, ulikuwa ukimtazama nani?" Wengine watasema walimtazama mwalimu. Wengine walitazama kiongozi wa darasa, wakangoja mkono wake. Huenda mmoja akasema hakutazama mtu, bali aliona haya kubaki peke yake. Majibu haya huandikwa ubaoni jinsi yalivyosemwa, bila kupambwa.

Habari hizi zilipata kuchunguzwa na mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi huko Amerika, jina lake Solomon Asch, aliyetangaza kazi yake tangu mwaka 1951. Yeye naye alitumia kadi. Kadi ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu, na kazi ilikuwa kusema ni upi katika mitatu ulio sawa na ule mmoja. Jambo hilo ni jepesi. Mtu akijibu peke yake hakosi ila kwa nadra sana. Lakini Asch aliwaketisha watu kadhaa pamoja, nao wote ila mmoja walikuwa wamepatana naye kwa siri kwamba watatoa jibu la uongo. Yule mmoja asiyejua neno aliwasikia wenzake wakijibu vibaya mmoja baada ya mwingine, kisha zamu yake ikafika. Katika majibu ya namna hiyo, karibu theluthi moja yaliufuata uongo wa wengi, ingawa macho yalikuwa wazi na mstari ulikuwa mbele yao. Husemwa kwamba penye wengi hapaharibiki neno, lakini katika chumba kile neno liliharibika kwa sababu ya wengi.

Mambo mawili zaidi aliyoyaona yafaa sana kwa somo la Idodi. La kwanza, mtu yule aliporuhusiwa kuandika jibu lake pasipo kulisema mbele ya wengine, aliwafuata mara chache zaidi. Hii ndiyo kazi ya chungu. La pili, alipopewa mwenzi mmoja tu aliyesema kweli kabla yake, kuwafuata wengi kulipungua hata kukawa kama robo ya kwanza. Hawakuhitajika watu watano wa kumtetea. Mmoja alitosha.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya somo haitumiwi kwa mawaidha, bali kwa kumtafuta huyo mmoja. Vijana hugawanywa watano watano, nao huigiza kadi. Watatu hushika neno la ng'ombe, wa nne ni yule aliyeshika tochi, na wa tano hukaa kimya mpaka aitwe. Mwenye tochi haruhusiwi kuwashitaki wenzake mbele ya msimamizi mara moja. Kwanza humwendea yule aliye kimya. Maneno yake na yawe machache, maana mtu mwenye hofu hawezi kukumbuka hotuba:

"Mimi naona si haki. Wewe waonaje?"

"Hata mimi. Lakini watatucheka."

"Wakitucheka, watatucheka wawili. Twende tuwaambie, kisha twende kwa mama yule kabla ya jua kutua."

Kisha huigiza na safari ya pili, iliyo ngumu kuliko ya kwanza, maana mtoto hafiki mbele ya mtu mzima na kuanza na habari ya maji. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu, karibuni." "Mama, maji ya jana usiku hayakuchukuliwa na ng'ombe. Tulikuwapo sisi. Tumekuja kukuambia, na tuko tayari kuchimba mfereji wako siku utakayosema." Mara ya kwanza kundi litacheka sana, na si vibaya, mara ya tatu kicheko kitakuwa kimepungua, na sauti imekuwa ya kawaida. Tena wabadilishane nafasi, ili aliyeshika neno la ng'ombe aonje naye kutazamwa na wote.

Baada ya hayo, punje hugawanywa tena na chungu hujazwa mara ya pili. Yakipatikana mahindi 12 mahali pa 7, ni habari njema, lakini mwalimu asijivune. Punje huonyesha tu mtu anavyofikiri akiwa ameketi mchana. Haionyeshi atakavyofanya usiku mferejini. Apendaye kujua zaidi na angoje mwezi mmoja, kisha awape karatasi zisizo na majina, waandike kama wamepata siku ya kusema peke yao, au ya kusimama pamoja na mwenzi. Tena, kama vijana hawafiki kumi, chungu hakina siri ya kutosha. Hata wakiwa wengi, punje zikitoka za namna moja zote, kila mmoja amekwisha kujulikana.

Kuna kadi zisizofaa kusomwa. Jambo lililotukia kweli kijijini lisiandikwe, hata majina yakibadilishwa, maana watoto watamtambua mwenyewe kabla ya sentensi ya pili. Mwezi wa Agosti mwaka 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana la Shule ya Sekondari ya Idodi, na wasichana 12 wakafa; habari za siku zile zilitaja mshumaa. Kadi juu ya mshumaa uliofichwa bwenini ingekuwa na njia panda ya kweli kabisa. Lakini ni nani ajuaye, katika chumba cha Idodi, kama hakuketi pale mdogo au mpwa wa mmoja wao? Kadi hiyo na isomwe mahali pengine. Na ikiwa kijana, kwa kuguswa na kadi yoyote, ataanza kusimulia mbele ya wote jinsi mtu mzima anavyomtesa, mwalimu amsimamishe kwa upole, azungumze naye kando siku ile ile, kisha ampelekee habari afisa wa ustawi wa jamii. Chungu na punje si dawa ya jambo hilo.

Kadi ya pili ni ya dukani, nayo yaweza kusomwa na mwanafunzi awaye yote:

"Ninyi watatu mmetumwa kununua madaftari ya darasa. Mwenye duka amekosea, amewarudishia shilingi 10,000 zaidi. Aliye mkubwa kwenu anasema zigawanywe, na asiyetaka asicheze mpira nao tena. Wa pili amenyamaza, anatazama chini. Mmebakiza mwendo wa dakika kumi kufika shuleni."

Mtazame huyo wa pili. Je, amekubali, au anangoja? Nawe utamwambia neno gani?