Radio ya kifua: doa la juu ya pafu lina maana gani?

Mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku na kukonda, huenda akapelekwa kupigwa radio ya kifua. Katika picha hiyo hewa huonekana nyeusi na mfupa mweupe. Pafu lenye afya kwa hiyo ni jeusi, na penye ugonjwa hutokea doa jeupe.

Kwa mtu mzima, kifua kikuu hupenda sehemu ya juu ya pafu, karibu na mtulinga, kwa kuwa huko hewa safi ni nyingi na vijidudu vyake huipenda. Nyama ya pafu ikioza na kukoholewa nje, hubaki tundu: duara jeusi lenye ukingo mweupe mnene. Mwenye tundu kwa kawaida ana vijidudu vingi sana katika makohozi yake, na huambukiza kwa urahisi.

Lakini eneo la Kailo ni la machimbo. Vumbi la mawe linalovutwa miaka mingi huacha nalo madoa sehemu hiyohiyo ya juu, kwa kawaida mapafu yote mawili. Kovu la kifua kikuu kilichopona nalo hukaa hapohapo. Tena mwenye mapafu ya vumbi hupata kifua kikuu upesi kuliko wengine, kwa hiyo huenda akawa na yote mawili. Picha peke yake haiwezi kuamua.

Tuseme mchimbaji wa kasiterite ana miezi miwili ya kikohozi, na radio imeonyesha tundu juu ya pafu la kulia. Kinachofuata ni makohozi: yatoke ndani kabisa ya kifua, asubuhi kabla ya kula. Mate hayafai, na majibu mengi ya uongo huanzia hapo. Mashine ya GeneXpert huyapima kwa muda usiofika saa mbili, ikisema kama vijidudu vipo na kama dawa ya rifampisini bado inaviua. Darubini hukosa wagonjwa wenye vijidudu vichache.

Mashine ikisema vipo, matibabu yanaanza. Ikisema havipo ilhali tundu lipo, asirudishwe nyumbani hivihivi: atoe makohozi mengine, na yaoteshwe maabara, kazi inayoweza kuchukua wiki sita. Wala tundu si kifua kikuu daima: jipu la pafu na saratani pia hutoboa pafu.

Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu aseme mapema, kwani mashine inaweza kuona mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Mwenye virusi vya ukimwi apimwe hata picha ikiwa safi. Kwake kuna pia kipimo cha mkojo.

Picha ya zamani msiitupe. Ipelekeni pamoja na mgonjwa, maana doa ambalo halikuwepo mwaka jana si kovu la zamani.