Jumanne: Mtoto Aambiwe Nini?

Soma Zaburi 27:10. Je, ni wakati gani fungu hili laweza kumtisha mtoto badala ya kumfariji?

Chukulia wazazi wa Nshamba ambao mahakama imekwisha kuvunja ndoa yao. Mama anahamia Muleba na mtoto wa miaka mitano. Baba anabaki kibanjani. Kabla ya siku ya kuhama, waketi naye wote wawili na kusema: “Baba na mama hatutaishi tena nyumba moja. Si kwa sababu ya kosa lako. Utalala kwa mama, na Sabato baba atakuja tukasali pamoja.” Waahidi tu lile watakalotimiza.

Wasiseme, “Baba amesafiri,” kwa maana mtoto atamngoja mlangoni. Wala wasimtume kupeleka maneno ya ugomvi.

Mtoto mdogo hudhani kikombe alichovunja ndicho kilichomfukuza baba. Hata asipouliza, aambiwe tena, kwa maneno yale yale. Akianza kukojoa kitandani, hiyo ni hofu, si ukaidi, asichapwe.

Kwa hiyo, tusimsomee fungu la leo kana kwamba ameachwa. Wazazi wameachana wao kwa wao, yeye hawakumwacha.

Jadilini: Mtoto huyu akija darasani Sabato, tumwulize nini, na tusimwulize nini?