Orodha ya matokeo kwenye karatasi nne: panga kurasa za Excel kabla ya kwenda steshenari

Shule zinapokaribia kufungwa, steshenari za Kikatiti, kandokando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, hupokea walimu wenye flashi mkononi na faili la matokeo ndani yake. Kwenye kompyuta faili linaonekana zuri. Likichapwa, safu za mwisho zinakwenda kwenye karatasi nyingine, ukurasa wa pili unaanza na majina yasiyo na kichwa cha masomo, na printa inatoa karatasi mbili tupu mwishoni. Mwalimu analipia zote.

Hakuna kilichoharibika kwenye printa. Excel haijui karatasi yako inaishia wapi hadi uiambie, na maelezo yenyewe ni manne: eneo la kuchapa, ukubwa, mistari ya kichwa na mahali pa kukata ukurasa. Mpangilio huo una maana, kwa sababu hatua ya ukubwa ikibadilika baadaye, mahali pa kukata napo hubadilika.

Tuchukue mfano wa darasa la sita lenye mikondo miwili: Mkondo A una wanafunzi 48, Mkondo B una 46. Mstari wa 1 una jina la shule, wa 2 aina ya mtihani, wa 3 mtupu, na wa 4 ndio kichwa cha jedwali. Wanafunzi wa Mkondo A wako mstari wa 5 hadi 52, wa Mkondo B wako 53 hadi 98. Muhtasari wa wastani wa kila somo unaishia mstari wa 104. Safu ni kuanzia A (namba) hadi N (nafasi), na katikati kuna jina, jinsi, masomo saba, jumla, wastani na daraja. Safu ya P ina namba za simu za wazazi, ambazo mwalimu anazitumia mwenyewe.

Kwanza, zungushia eneo la kuchapa

Chagua seli A1 hadi N104, kisha nenda `Page Layout` > `Print Area` > `Set Print Area`. Kuanzia hapo Excel itachapa eneo hilo tu. Simu za wazazi hazitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na zile karatasi tupu za mwishoni hazitatoka tena. Karatasi hizo kwa kawaida hutokana na alama ya nafasi au mpaka wa jedwali uliobaki kwenye seli ya mbali. Ukitaka kujua faili lako linaishia wapi kwa macho ya Excel, bonyeza `Ctrl+End`. Ikiwa mshale umeruka hadi mstari wa 300, umeshampata mkosaji.

Angalia mambo mawili hapa. Eneo la kuchapa linazuia karatasi na PDF tu. Ukituma faili lenyewe la Excel kwa WhatsApp, namba za simu zinakwenda nalo. Pili, mwanafunzi anayeongezwa kwa kuchomeka mstari katikati ya orodha huingia ndani ya eneo, nalo linajipanua hadi N105. Lakini kitu kinachoandikwa chini ya mstari wa mwisho hubaki nje, na hakuna onyo lolote. Kwa hiyo ongeza majina kwa kubofya kulia kwenye namba ya mstari na kuchagua `Insert`. Baada ya kila nyongeza, fungua kisanduku cha majina kilicho kushoto juu ya jedwali, uchague `Print_Area`: Excel itaonyesha eneo lote kwa kulitia kivuli, nawe uone kama jina jipya limo.

Pili, tafuta ukubwa unaosomeka

Kabla ya kupunguza maandishi, weka karatasi sawa. Kwenye `Page Layout`, fungua `Size` uchague `A4`. Kompyuta nyingi hutoka zimewekwa `Letter`, karatasi ya Kimarekani iliyo pana kidogo na fupi kuliko A4, nayo huvuruga hesabu yote. Kisha `Orientation` > `Landscape` ili karatasi ilale, na `Margins` > `Narrow` ili kingo za kushoto na kulia zipungue.

Hapo ndipo unapokutana na kishawishi cha kuagiza jedwali zima liingie ukurasa mmoja. Amri ipo: kwenye ukurasa wa kuchapa, `Fit Sheet on One Page`. Itatii, lakini tuone gharama yake. Mistari 104 yenye kimo cha kawaida cha pointi 15 inahitaji pointi 1,560 kwenda chini. A4 iliyolala, ukitoa kingo za juu na chini, ina takriban pointi 487. Excel italazimika kushusha kila kitu hadi asilimia 31, na herufi za ukubwa wa 11 zitakuwa chini ya 4. Mzazi aliyesimama mbele ya ubao hataona kitu. Hata karatasi ikisimama, herufi zitabaki kama 5.

Upana ndio unaopaswa kulazimishwa, urefu uachiwe uendelee kurasa nyingi. Kwenye kundi la `Scale to Fit`, weka `Width` iwe `1 page` na `Height` iwe `Automatic`. Safu zote kuanzia A hadi N zitabaki pamoja, na mistari itagawika yenyewe. Kwa orodha isiyohitaji kukatwa mahali maalumu, hatua hii inatosha.

Kwa mfano wetu haitoshi, kwa sababu tunataka kila mkondo uanze kwenye karatasi yake, na Excel hupuuza sehemu ulizokata mwenyewe pale unapotumia amri hizo za kubana kwenye kurasa. Walimu wengi hukwama hapa: wanakata, wanaangalia, hakuna kilichobadilika. Dawa ni kurudisha `Width` na `Height` zote kuwa `Automatic`, kisha kuandika asilimia wewe mwenyewe kwenye `Scale`. Anza na 100. Fungua `View` > `Page Break Preview` uone kama kuna mstari wa bluu unaosimama wima katikati ya safu zako. Kama upo, shusha hadi 95, kisha 90, mpaka utoweke. Kwa safu 14 ambapo jina limepewa nafasi ya herufi 30 na kila somo nafasi ya 10, asilimia 95 inatosha, na herufi zinabaki zaidi ya 10. Ikibidi kushuka chini ya 70, usiendelee kubana. Punguza upana wa safu au fupisha vichwa vya masomo.

Tatu, rudisha kichwa kwenye kila ukurasa

Wengi hudhani `Freeze Panes` inatosha, kwa kuwa wakishusha jedwali kichwa kinabaki juu. Amri hiyo ni ya kioo tu, karatasi haiijui. Nenda `Page Layout` > `Print Titles`, na kwenye kisanduku cha `Rows to repeat at top` andika:

```
$4:$4
```

Mstari wa 4 peke yake ndio unaohitajika. Ukiandika `$1:$4`, jina la shule na mstari mtupu vitarudiwa kila ukurasa na kula nafasi ya wanafunzi watatu. Ukurasa wa kwanza utachapwa kama ulivyo, na kuanzia wa pili utakuta kichwa cha masomo juu ya majina.

Ukikuta kisanduku hicho kimefifia na hakikubali kuandikwa, sababu ni moja kati ya mbili. Huenda umefungua `Page Setup` kupitia `File` > `Print`, ambako Excel huzuia sehemu hiyo. Rudi upitie `Page Layout`. Au umechagua karatasi zaidi ya moja kwa pamoja pale chini. Bofya moja tu, kisha ujaribu tena.

Nne, kata ukurasa pale maana inapobadilika

Kwa asilimia 95, ukurasa uliolala unabeba mistari kama 34. Printa tofauti huweza kuongeza au kupunguza mmoja. Excel ikijigawia yenyewe, ukurasa wa kwanza utaishia mstari wa 34. Wa pili, ukihesabu na kichwa kilichorudiwa, utaishia wa 67, na wa tatu utafika wa 100. Ukurasa wa nne utabaki na mistari minne ya muhtasari. Mkondo A utakuwa umeishia katikati ya ukurasa, na muhtasari utakuwa umepasuliwa.

Bofya seli A53, penye mwanafunzi wa kwanza wa Mkondo B. Nenda `Page Layout` > `Breaks` > `Insert Page Break`. Mkato huwekwa juu ya seli uliyochagua na kushoto kwake. Ndiyo maana ni lazima uwe safu ya A. Ukibofya D53, Excel itakata pia kati ya safu C na D, na alama zitatengana na majina.

Sasa hesabu tena. Mkondo A unachukua kurasa mbili, mistari 1 hadi 34 na 35 hadi 52. Mkondo B unachukua mbili nyingine, na muhtasari wote unakaa pamoja kwenye ya mwisho. Kurasa ni nne zilezile, bila gharama ya ziada, na kila mwalimu wa mkondo anachukua zake. Kama shule inataka orodha moja tu na kuokoa karatasi, ondoa mkato huo kwa `Breaks` > `Reset All Page Breaks` na ushushe ukubwa hadi 90. Kila ukurasa utabeba kama mistari 36, na kurasa zitakuwa tatu.

Kwenye `Page Break Preview`, mstari wa bluu usiokatika ni mkato wako mwenyewe, na wenye vidoti ni wa Excel. Unaweza kuvuta mistari hiyo kwa kipanya, ila uwe mwangalifu: ukivuta wa Excel uende mbali zaidi, itapunguza ukubwa bila kukuuliza. Kila unapovuta, rudi kwenye `Scale` uangalie asilimia.

Nenda steshenari na PDF

Kazi hii yote imefanywa kwa kompyuta yako na printa iliyosajiliwa humo. Kompyuta ya steshenari ina printa nyingine na huenda fonti nyingine, hivyo mistari inaweza kusogea na mstari wa 34 ukaangukia ukurasa wa pili. Bonyeza `F12`, na kwenye `Save as type` uchague `PDF`. Fungua faili hilo ukague mambo manne: kurasa ni nne, kichwa kipo juu ya kila moja, safu ya N haijakatwa, na ukurasa wa tatu unaanza na Mkondo B. Anayechapa mwambie achague `Actual size` na karatasi ya A4, kisha atoe ukurasa wa kwanza peke yake uuone kabla hajatoa zilizobaki.