Presha ya Maji Ikizidi Nyumbani: Maswali na Majibu

Kwa nini presha hupanda hasa usiku?

Sehemu ya maji ya Eldoret hutoka bwawa la Chebara, katika kaunti jirani ya Elgeyo Marakwet, na hushuka kuja mjini kwa nguvu ya mteremko. Kila mita 10 za mteremko huleta presha ya takriban baa 1. Mchana, watu wengi wakiwa wamefungua mifereji, sehemu ya presha hiyo hupotea njiani maji yakisuguana na bomba. Usiku mji ukilala maji hutulia, na nyumba iliyo bondeni hupokea karibu presha yote. Ndiyo maana mfereji usio na shida saa sita mchana huanza kudondoka saa sita usiku.

Nitajuaje kwamba imezidi?

Bomba hugonga ukutani ukifunga mfereji kwa ghafla. Tenki la juu hufurika kwa sababu boya linashindwa kuyazuia maji. Tangi la choo halinyamazi, wosha za mifereji huisha upesi, na hozi nyembamba ya sinki hupasuka.

Angalia kwanza mfereji wenye shida unapata maji wapi. Ukilishwa na tenki la paa lililo mita 5 juu yake, unapata nusu baa tu, na hitilafu yake si ya presha ya laini kuu. Dalili za kweli huonekana kwenye boya la tenki, mfereji wa nje, na kila kilichounganishwa moja kwa moja na mita.

Uhakika utaupata kwa geji ya presha. Ifunge kwenye mfereji wa nje, hakikisha hakuna maji yanayotumika nyumbani, kisha usome usiku na tena mchana. Baa 2 hadi 3 zinatosha nyumba ya kawaida. Zikipita 5, weka valvu ya kupunguza presha.

Valvu hiyo hufanyaje kazi, na hukaa wapi?

Ndani yake mna springi inayosukuma kiwambo cha mpira. Presha ya upande wa nyumba ikifika kiwango ulichoweka, kiwambo huishinda springi na kufunga njia. Ukifungua mfereji, presha hushuka na njia hufunguka tena. Valvu hupunguza tu, haiongezi: ikiwa laini ina baa 2 mchana, hutapata 3.

Hufungwa baada ya mita, upande wa mwenye nyumba, ikitanguliwa na koki na chujio, na mshale wake ukielekea nyumbani. Mita na bomba lililo kabla yake ni mali ya ELDOWAS, usiviguse.

Nairekebishaje?

Tuseme geji iliyo upande wa nyumba inasoma baa 6 usiku, nawe unataka 3.

1. Funga mifereji yote na uzime hita ya maji, kwani maji yanayopashwa moto hutanuka na kupandisha geji.
2. Toa kifuniko cha valvu, kisha ulegeze nati inayoshikilia skrubu.
3. Zungusha skrubu nusu mzunguko kinyume cha mshale wa saa. Kwenye valvu nyingi, upande huo hupunguza presha na upande wa pili huiongeza.
4. Fungua mfereji kidogo, kisha uufunge. Usiruke hatua hii. Presha ya zamani bado imenaswa ndani ya mabomba, na geji haitashuka mpaka maji yatoke. Wengi huona sindano imesimama pale pale, wakaendelea kuzungusha, na mwishowe nyumba ikakosa maji.
5. Soma geji, kisha urudie nusu mzunguko mpaka ifike 3. Kaza nati.

Hakikisha tenki la juu bado linafikiwa. Likiwa mita 9 juu ya valvu, karibu baa 1 inatumika kuyapandisha maji tu. Kwa hiyo usishuke chini ya 2.

Nimeweka 3, lakini asubuhi geji inasoma 5. Kwa nini?

Jaribu tena: funga kila kitu, pamoja na koki ya tenki, hita ikiwa imezimwa, uitazame geji kwa nusu saa. Ikipanda polepole kutoka 3, valvu haifungi kabisa. Mara nyingi chembe ya mchanga imekwama kwenye kiti chake, hasa baada ya maji kukatika na kurudi yakiwa na tope. Kuzungusha skrubu zaidi hakutasaidia. Funga koki iliyo kabla ya valvu, fungua mfereji kutoa presha, kisha usafishe chujio, kiti na mpira wake. Ukiona mpira umechimbika, badilisha valvu.