Mteja Akipiga Simu kwa Hasira

Wengi wenu mliohitimu kisomo sasa mnauza madukani. Juzi tulipita Mlandizi, wilayani Kibaha, katika duka la vifaa vya ujenzi. Tulimkuta mama mwenye duka akiwafundisha vijana wawili wapya kupokea simu. Tukakaa kwenye benchi, tukasikiliza.

"Wanangu," alisema, "simu za hasira hapa hazikosi. Tunapeleka saruji mpaka Mzenga kule Kisarawe, na mvua ikinyesha njia ni tope tupu. Haya, mimi ndiye mteja: 'Wezi nyie! Nimelipia mifuko 20, imekuja 18, na mafundi wako juu ya ukuta!' Utajibu nini?"

Kijana mmoja akasema, "Nitamwambia atulie, mama, mzigo uko njiani."

"Umeharibu mara mbili. Ukimwambia atulie, ni kama kumwambia hana sababu ya kukasirika, na sababu anayo. Leo anamwaga zege la lenta. Lenta humwagwa mfululizo. Ukiiacha katikati mpaka kesho, pale zege jipya linapokutana na la jana panakuwa dhaifu. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Ukisema 'uko njiani' na hujui, fundi anakuamini, anaanza kukoroga. Mifuko isipofika, kazi inakwama katikati kwa neno lako. Asubuhi alikasirikia mifuko miwili, jioni atakasirikia lenta nzima."

Kisha akafungua daftari. Mteja asikatizwe, aseme mpaka amalize, nawe unaandika: jina, namba ya risiti, alicholipia, alichopokea, na kazi gani imesimama. Halafu unamsomea: "Pole sana, mzee. Ulilipia mifuko 20, umepokea 18, na mafundi wanasubiri kumwaga lenta. Ndivyo?" Mama alisema mtu akisikia maneno yake yamerudi sawasawa, sauti hushuka yenyewe.

"Ndipo umwambie: 'Tafadhali msianze kukoroga. Naulizia, nitakupigia kabla ya saa nne na nusu.' Kata simu, mpigie dereva, hesabu mifuko stoo. Ikizidi miwili, tumepakia pungufu. Isipozidi, huenda dereva ameishusha kwa mteja mwingine. Lakini mteja usimwambie 'dereva ndiye kakosea.' Yeye kalilipa duka, hakumlipa dereva. Saa nne na nusu ikikaribia na hujapata jibu, piga vilevile, useme hujapata."

Kijana wa pili akauliza, "Na akiendelea kutukana, mama?"

"Msomee tena mara moja. Akizidi, nipe mimi simu. Na habari ya kurudisha hela usiahidi, hiyo ni yangu."

Wakarudia zoezi. Kijana wa kwanza alisoma daftari vizuri, akasema, "Nitakupigia baadaye, mzee."

"Baadaye ni saa ngapi?" akauliza mama. Akamrudisha mwanzo.